Kadi ya bima ya Emirati: kabla ya kusaini, uliza habari za dawa

Mwezi wa Septemba mwaka 2025, ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, alinitumia ujumbe wa sauti usiku kutoka Ajmani, katika Falme za Kiarabu, inchi ambayo hapa kwetu wengi wanaiita tu Dubai. Yeye ni mfanyakazi wa usafi katika hoteli. Alikuwa ametoka kwenye farmasi na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa na mshangao. «Yaya,» alisema, «wananiambia pesa ya dawa katika kadi yangu imekwisha. Kadi yenyewe ni nzima, lakini ya dawa imekwisha. Inawezekana namna gani, na mwaka haujaisha?»

Sikuwa na jibu usiku ule. Nilimuomba anitumie picha za makaratasi yote aliyopewa siku aliposaini kibali chake kipya, na tangu hapo nimeyasoma mara nyingi kuliko nilivyosoma mkataba wangu mwenyewe wa kazi. Naandika haya kwa sababu vijana wengi wa Goma, Bukavu, Uvira na Butembo wanajiandaa kwenda kule. Wanauliza mshahara, wanauliza nyumba, wanauliza tiketi ya ndege. Kuhusu bima ya afya, komisioneri anawajibu kwa neno moja: «Ipo.» Ni kweli, ipo. Lakini neno hilo halitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na sheria yenyewe. Falme za Kiarabu ni umoja wa emirati saba, na kwa miaka mingi kila moja ilikuwa na njia yake kuhusu afya ya wageni. Abu Dhabi ilitunga sheria ya bima ya lazima mwaka 2005. Dubai ikafuata kwa sheria namba 11 ya mwaka 2013. Katika emirati tano zilizobaki, yaani Sharja, Ajmani, Umm al-Quwain, Ras al-Khaima na Fujaira, mwajiri wa kampuni binafsi hakulazimishwa. Mfanyakazi aliyeugua alilipa mwenyewe, ama alivumilia, ama alichangiwa na wenzake wa chumba kimoja.

Hali hiyo ilibadilika tarehe 1 Januari 2025. Tangu siku hiyo, katika emirati zile tano, kibali cha ukaaji cha mfanyakazi wa sekta binafsi na cha mfanyakazi wa nyumbani hakitolewi wala hakifanywi upya bila bima ya afya. Mwajiri ndiye anayelipa. Wale ambao vibali vyao vilitolewa kabla ya mwaka 2024 na bado vilikuwa halali waliruhusiwa kungoja mpaka siku ya kuvifanya upya. Ndugu yangu alikuwa mmoja wao. Kibali chake cha kwanza kilikuwa cha Januari 2023, cha miaka miwili. Kilipofikia mwisho, Januari 2025, alipata kibali kipya na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, bima ya afya.

Serikali haikumwacha mwajiri abuni bima anayotaka. Iliweka kifurushi cha msingi, ambacho bei yake ni dirhamu 320 kwa mwaka. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu zamani, dola moja ni dirhamu 3.67, kwa hiyo tunazungumza juu ya dola 87 hivi kwa mwaka mzima. Nani kati yetu hapa Goma anaweza kununua matibabu ya mwaka kwa dola 87? Ndiyo maana sitaki msomaji afikiri kwamba nimekuja kuidharau sheria hiyo. Lakini bei ndogo namna hiyo ina maana yake, na maana hiyo imeandikwa katika karatasi ya pili, ile ambayo watu hawaisomi.

Kifurushi cha msingi kinagawa ugonjwa katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kulazwa hospitali. Mgonjwa anachangia asilimia 20 ya gharama, lakini mchango wake hauwezi kupita dirhamu 500 kwa kila kulazwa, wala dirhamu 1,000 kwa mwaka wote. Akifika hapo, kampuni ya bima inalipa yote yanayobaki. Sehemu ya pili ni kumuona mganga na kurudi nyumbani. Hapo anachangia asilimia 25, bila kupita dirhamu 100 kwa kila ziara, na akirudi kwa ugonjwa ule ule ndani ya siku saba, halipi tena. Sehemu ya tatu ni dawa za farmasi. Mgonjwa anachangia asilimia 30, na kuna kikomo cha dirhamu 1,500 kwa mwaka.

Sasa msomaji aangalie vizuri neno hilo, kikomo, kwa sababu linafanya kazi mbili tofauti. Katika hospitali, kikomo kinamlinda mgonjwa: kinasema wewe hutalipa kupita hapa. Katika farmasi, kikomo kinailinda kampuni ya bima: kinasema sisi hatutalipa kupita hapa. Ni neno moja katika karatasi moja, lakini moja ni ukuta nyuma ya mgongo wako na lingine ni ukuta mbele ya uso wako. Ndugu yangu aliona neno hilo mara zote mbili akafikiri ni kitu kimoja.

Niwape kwanza upande mzuri. Mwezi wa Mei, kijana mmoja anayefanya kazi naye alishikwa na maumivu ya tumbo usiku. Ilikuwa apendisi. Alipasuliwa na kulazwa, na hesabu ya hospitali ilifika dirhamu 8,000, zaidi ya dola 2,100. Asilimia 20 ya hiyo ingekuwa dirhamu 1,600, na mshahara wake wa mwezi hauifikii. Lakini kikomo cha hospitali kilimlinda: alilipa 500 tu. Mwaka mmoja mbele, kabla ya sheria, kijana yule angetoka hospitali na deni la nusu mwaka. Hapo bima ilifanya kile bima inachotakiwa kufanya.

Upande wa pili ni wa ndugu yangu mwenyewe. Ana tansio na ugonjwa wa sukari, magonjwa ambayo hayamlazi mtu hospitali kama anameza dawa kila siku, na yanayomlaza vibaya sana kama anaacha. Mshahara wake ni dirhamu 1,300 kwa mwezi, kama dola 354. Mganga alimuandikia dawa za mwezi zenye bei ya dirhamu 250. Kila mwezi alilipa asilimia 30, yaani dirhamu 75, na bima ikalipa 175. Aliona ni sawa, akazoea.

Tufanye hesabu pamoja. Kutoka Januari mpaka Agosti ni miezi minane. Bima ililipa 175 mara nane, yaani 1,400. Ilipofika Septemba, ndani ya kile kikomo cha 1,500 kulikuwa kumebaki dirhamu 100. Bima ikatoa hizo 100 za mwisho, na yeye akaambiwa aongeze 150. Mwezi wa Oktoba, Novemba na Desemba hakukuwa na kitu tena: 250 kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Jumla ya mwaka, dawa zake ziligharimu dirhamu 3,000, na yeye mwenyewe alilipa 1,500. Kwa hiyo mtu mwenye bima alitoa zaidi ya mshahara wa mwezi mzima kwa ajili ya dawa. Na hiyo ni hesabu inayompendelea. Kama kikomo kingehesabiwa kwa bei nzima ya dawa, bila kuondoa mchango wake, kingekuwa kimekwisha mwezi wa Juni.

Nilimuuliza alifanya nini mwezi ule wa Oktoba. Alicheka kidogo, kile kicheko cha kuficha aibu, akasema alikuwa anameza kidonge siku moja na kuruka siku moja. Ndicho ninachokiogopa katika habari hii nzima. Pesa zake kule zinalisha watu wanne hapa Goma, wawili kati yao wanasoma shule. Kati ya kidonge na minerivali ya mtoto, mama anachagua minerivali. Bima iliyojengwa hivi inamlipia mtu akianguka, lakini inamuacha peke yake katika miezi ile ambayo angeweza kuzuia kuanguka.

Kwa nini basi kifurushi kimepangwa namna hiyo? Ukifikiri kidogo unaona sababu. Serikali inayopokea mamilioni ya wageni inaogopa kitu kimoja kuliko vingine: mgonjwa mgeni anayeletwa hospitali usiku, akatibiwa kwa pesa nyingi, na hakuna wa kulipa. Kwa hiyo ulinzi mkubwa umewekwa hospitalini. Tena, kifurushi hiki kinapokea kila mtu kuanzia umri wa mwaka 1 mpaka miaka 64 bila kumchuja kwa ugonjwa, na hakimngojeshi mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Hilo ni jambo jema sana. Lakini mwenye bima anayepokea wote, wazima na wagonjwa, kwa dola 87, lazima abane mahali fulani. Amebana kwenye dawa, na amebana kwenye idadi ya mahali pa kutibiwa. Kifurushi kilipotangazwa, mtandao wake ulikuwa wa hospitali 7, vituo vya afya na kliniki 46, na farmasi 45, kwa emirati tano.

Jambo hilo la mtandao nalo lilimpata ndugu yangu. Mwezi wa Machi alienda kwenye kliniki iliyo karibu na nyumba wanayolala wafanyakazi, akatoa kitambulisho chake, akatibiwa. Wakati wa kulipa akaambiwa kliniki hiyo haiko katika mtandao wake. Alilipa dirhamu 180 zote. Hakuna aliyemdanganya. Yeye alidhani bima ya lazima inafanya kazi kila mahali kama vile noti ya pesa, lakini inafanya kazi mahali palipoandikwa tu.

Wengine watasema: basi watu waende Dubai yenyewe, kule bima ni kubwa zaidi. Ni kweli kwamba kifurushi cha msingi cha Dubai, kilichowekwa kwa wafanyakazi wa mshahara usiofika dirhamu 4,000 kwa mwezi, kimeandikwa kikomo cha dirhamu 150,000 kwa mwaka, karibu dola 41,000. Komisioneri anapenda kuitaja namba hiyo kwa sababu inang'aa. Lakini katika Dubai, mtu anayeingia katika bima kwa mara ya kwanza akiwa tayari na ugonjwa wa muda mrefu anangojeshwa miezi sita kabla bima haijaanza kulipia ugonjwa huo, isipokuwa wakati wa dharura. Ndugu yangu, kwa tansio na sukari yake, angelipa kila kidonge mwenyewe kutoka siku ya kwanza mpaka mwezi wa sita. Dirhamu 150,000 zingekuwa zinamtazama tu kutoka kwenye karatasi. Kwa hiyo mtu mzima kabisa anaweza kusema Dubai ni bora, na mtu mwenye sukari anaweza kusema Ajmani ni afadhali, na wote wawili wakawa na haki. Kila mmoja aipime bima kwa ugonjwa alionao, kisha ndipo aangalie namba kubwa.

Msimamo wangu ni huu. Inchi ina haki ya kumwambia mgeni: hupati kibali bila bima. Hata mimi ningefanya hivyo, kwa sababu inamlinda mgeni na inalinda hospitali. Lakini serikali ikishaifanya bima kuwa sharti la kibali, inakuwa imebeba jukumu la kile kilicho ndani. Mfanyakazi hachagui kampuni, hachagui kifurushi, hajadili bei. Anapewa. Mtu asiyechagua hawezi kuambiwa baadaye kwamba angesoma vizuri. Ndiyo maana kiwango cha chini hakitoshi kupimwa kwa hesabu kubwa ya hospitali peke yake. Kipimwe pia kwa mtu wa mshahara mdogo anayemeza dawa mwaka mzima.

Na marekebisho yenyewe si ya ajabu. Dawa za magonjwa ya muda mrefu, kama tansio, sukari na pumu, zingeweza kutolewa nje ya kile kikomo cha 1,500, kwa masharti kwamba ziwe zile za bei nafuu. Kikomo kingebaki kwa dawa nyingine. Kampuni ya bima ingelipa zaidi kidogo kwenye farmasi, lakini ingelipa kidogo zaidi hospitalini, kwa sababu mtu wa sukari anayeacha dawa anaishia kwenye kitanda cha hospitali, na hapo, kwa kifurushi hiki hiki, karibu hesabu yote ni ya kampuni. Mwenye kubana kwenye kidonge anakuja kulipa kwenye kitanda.

Kuna msomaji atakayeniuliza: wewe unaikosoa Emirati, je, kwetu? Swali ni la haki. Kode yetu ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi wake pamoja na familia yake: mganga, hospitali na dawa. Haibagui Mkongomani na mgeni, na haikuweka kikomo cha dirhamu wala cha franka. Kwenye karatasi, sheria yetu ni kubwa kuliko ile ya Ajmani. Lakini mfanyakazi wa duka katika mji wa Goma hana kadi, hana jedwali, hana mahali pa kuonyesha kitambulisho akapokelewa. Akiugua anamuomba bosi, na bosi akiwa na roho nzuri anamkopesha. Huko Emirati, karatasi ya kibali haitoki bila bima kuonekana. Hapa kwetu haki ni pana lakini hakuna mlango wa kuipitia. Kule mlango upo, haki ndiyo nyembamba. Tukichukua kitu cha kujifunza, tuchukue huo mlango: ulinzi uwe umefungwa kwenye karatasi ambayo mwajiri hawezi kufanya bila hiyo.

Kuna jambo moja ambalo leta yetu inaweza kufanya bila kungoja mtu. Mashirika na makomisioneri wanaopeleka vijana nje wanafanya kazi hapa, machoni pa Ofisi ya Taifa ya Kazi, ile ONEM. Walazimishwe kumpa kila anayeondoka jedwali la bima yake kwa Kifaransa ama kwa Kiswahili, kabla ya kusaini na kabla ya kulipa hata dola moja. Karatasi moja inatosha. Ndugu yangu alipewa ya kwake kwa Kiarabu na Kiingereza, baada ya kusaini, katika ofisi iliyojaa watu.

Wakati tunangoja hayo, anayejiandaa kuondoka ajue mambo machache. La kwanza, viza ya matembezi si kibali. Wengi wanaenda kwa viza hiyo wakitumaini kupata kazi huko. Muda wote huo hawamo katika bima hii, na kufanya kazi kwa viza hiyo kunavunja sheria. Tangu mwaka 2024 faini ya mwajiri anayemtumikisha mtu bila kibali inaanzia dirhamu 100,000 na inaweza kufika milioni moja. Mwajiri anayekubali kukuweka kazini namna hiyo hatakupeleka hospitali ukianguka, kwa sababu kukupeleka ni kujishitaki.

La pili, bei ya bima ya mfanyakazi ni ya mwajiri. Ukiona katika mshahara wako wa kwanza kumekatwa pesa ya bima, hiyo si kawaida ya inchi kama watakavyokuambia. Ni makosa, na wizara yao ya kazi inapokea mashitaka. Lakini usichanganye hiyo na michango ya asilimia 20, 25 na 30: hiyo kweli ni yako. Na kama unataka kumpeleka mke ama mume na watoto, usidhani kwamba kifurushi hiki kinawafunika pamoja nawe. Anayewadhamini ndiye anayewanunulia bima yao.

La tatu, ajali ya kazini ina njia yake. Sheria ya kazi ya Emirati inamlazimisha mwajiri kulipia matibabu ya mtu aliyeumia kazini na kuendelea kumlipa mshahara wakati wa matibabu kwa muda uliowekwa. Ukianguka kwenye ngazi ya hoteli, usikubali uandikwe kama mgonjwa wa kawaida ukaanza kuchangia kutoka mfukoni mwako. Sema kwa mganga, tangu dakika ya kwanza, kwamba umeumia kazini, na hakikisha imeandikwa hivyo.

La nne ni lile la dawa, na hapa nairudia habari ya ndugu yangu kwa sababu haikuishia pabaya. Nilimshauri arudi kwa mganga na amwambie ukweli wote, pamoja na siku za kuruka vidonge. Aliona aibu, lakini alienda, safari hii kwenye kituo kilicho katika mtandao. Mganga alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Dawa alizokuwa amepewa zilikuwa za majina makubwa ya kampuni. Alimuandikia zile zenye kiini kile kile zisizo na jina kubwa, ambazo waganga wanaziita jeneriki. Bei ya mwezi ikashuka kutoka dirhamu 250 mpaka 120.

Mwanzoni mwa mwaka mpya kikomo chake kilianza upya, na tulifanya hesabu tena kwa simu. Kila mwezi analipa 36, bima inalipa 84. Kwa miezi kumi na miwili bima italipa 1,008, chini kabisa ya 1,500, kwa hiyo kikomo hakitamfikia. Yeye mwenyewe atalipa 432 kwa mwaka badala ya 1,500. Kadi ni ile ile, sheria ni ile ile, mtu ni yule yule. Tofauti ni kwamba safari hii aliuliza bei ya dawa na kilichobaki katika kadi kabla farmasi haijamwambia kwamba kimekwisha.

Nafurahi kwa ajili yake, lakini furaha hiyo hainitoshi. Alihitaji jamaa mwandishi wa habari mwenye kalkuleta, mganga mwenye subira, na ujasiri wa kusema kwamba amekosa pesa. Sheria inayomlazimisha mtu kuwa na bima haipaswi kumdai bahati hizo tatu ndipo imfae. Kwa hiyo, wewe unayekaa na komisioneri wiki hii, akikuambia bima ipo, mwambie asante, kisha umuulize: dawa ni mpaka kiasi gani kwa mwaka, ugonjwa nilionao unaanza kulipiwa lini, na mahali pa kutibiwa karibu na nitakapolala ni wapi? Kama hajui, usisaini mpaka akuletee jedwali.